Uzi: Namtambulisha msimamizi mpya wa nyumba kwa wapangaji wangu. Je, barua hii inatosha?

MwenyeNyumba_Tabata

Ndugu zangu, nina nyumba ya ghorofa moja huku Tabata yenye wapangaji kumi. Msimamizi aliyekuwepo anarudi kwao mkoani na tunaagana vizuri. Anayekuja ni kijana ambaye amefanya kazi kama hii kwenye nyumba nyingine hapa mjini, na aliyekuwa mwajiri wake amemsemea vyema. Kabla sijawapa wapangaji barua ya kumtambulisha, naomba mnisaidie kuipitia. Majina na namba za simu nimeyaondoa.

"Kwa wapangaji wote. Napenda kuwajulisha kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba nyumba yetu itakuwa na msimamizi mpya, ambaye ataishi katika chumba cha uani karibu na geti. Kazi zake ni kufagia ngazi na ua kila asubuhi, kupandisha maji kwenye matangi ya juu, kusoma mita ndogo za maji kila tarehe 25, kutoa taka siku gari linapopita, kufunga geti saa 5 usiku, na kupokea taarifa za vitu vilivyoharibika. Atapatikana kwa simu namba hii hapa chini. Naomba mumpe ushirikiano kama mliompa aliyemtangulia. Ahsanteni."

Nakusudia kuituma kwa simu kwa kila mpangaji ili asiwepo wa kusema hakuiona.

Mpangaji_Kimara

Mzee wangu, barua imeandikwa kwa adabu, lakini ikinifikia kwa ujumbe wa simu nitaifuta bila kuimaliza. Hakuna mpangaji Dar es Salaam ambaye hajawahi kupokea ule ujumbe wa matapeli unaosema kwamba mimi ni mwenye nyumba wako, ile hela ya kodi nitumie kwenye namba hii, na jina litakalotokea ni la fulani. Sasa wewe unamtumia mtu ujumbe wenye jina geni na namba ngeni, mwisho wa mwezi kodi zinapokaribia kulipwa. Hata kama ni kweli tupu, umbo lake ni lile lile la utapeli, na mpangaji makini anaweza kuupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, huku msimamizi wako akishangaa kwa nini hakuna anayempokea simu.

Ningekuwa wewe ningekuja mwenyewe Jumapili jioni watu wakiwa nyumbani, nisimame naye uani, nimtaje jina mbele yao, na yeye apige simu ya kila mpangaji hapo hapo ili namba yake ihifadhiwe na kila mtu huku akimwona usoni. Barua iwe ya karatasi yenye sahihi yako, moja kwa kila mlango na nyingine ukutani pale ngazini. Ujumbe wa simu uje baadaye kama kumbukumbu tu, tena utoke kwenye namba yako ya siku zote ambayo wapangaji wanaijua.

MzeeWaShauri

Naunga mkono aliyetangulia, ila kuna pengo kubwa zaidi ndani ya barua yenyewe. Umesema nani anaingia, hukusema nani ametoka na tangu lini. Umesema kazi za msimamizi, hukusema mipaka yake. Kwa mwenye nyumba, hayo mawili ndiyo yenye gharama.

Nieleze kidogo. Msimamizi, anapopokea pesa au kutoa ahadi kwa niaba yako, ni wakala wako. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba kusitishwa kwa mamlaka ya wakala hakumgusi mtu wa tatu mpaka pale atakapojua kwamba mamlaka hayo yamesitishwa. Maana yake ni kwamba ikiwa msimamizi wa zamani alizoea kukupokelea kodi na wewe ukaikubali, kisha ukamwondoa kimya kimya, mpangaji atakayempa pesa wiki ijayo bila kujua ana hoja nzito ya kusema amekulipa wewe. Hasara utaifuata kwa yule aliyeondoka, si kwa mpangaji.

Kwa hiyo barua ianze na mlango wa kutokea. Taja kwamba msimamizi wa zamani amemaliza kazi tarehe 31 Agosti, na kwamba kuanzia hapo hana ruhusa ya kupokea fedha, funguo wala taarifa yoyote inayohusu nyumba. Unaweza kuliandika hilo bila kumchafua. Ongeza tu kwamba mmeachana kwa wema na unamshukuru. Halafu kila mpangaji atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako kwamba ameipokea. Usipokuwa na sahihi hizo, siku ya mgogoro utabaki kubishana nani alijua nini na lini.

Kamanda_Goba

Mimi naona mnamfunga kijana kabla hajaanza. Msimamizi asiye na mamlaka hadharauliwi na mtu mmoja, anadharauliwa na nyumba nzima. Andika kwamba anakuwakilisha kwa kila kitu: anapokea kodi, anatoa onyo, na mpangaji anayedaiwa miezi miwili anamkatia maji na umeme au kumfungia mlango kwa kufuli mpaka alipe. Nyumba yangu inakwenda hivyo miaka yote.

MzeeWaShauri

Kamanda, sehemu ya kwanza uko sahihi na nakushukuru kwa kuileta. Msimamizi anayelazimika kumpigia mwenye nyumba hata kwa ajili ya kununua balbu ya ngazi hawezi kuheshimiwa. Apewe kiasi kidogo cha akiba mkononi kwa matengenezo madogo, alete risiti, na wapangaji waambiwe kwamba balbu, koki inayovuja na kitasa cha geti ni juu yake na havihitaji kusubiri.

Hilo la kukata maji na kufunga kufuli usilitie kwenye barua wala usimwagize kwa mdomo. Deni la kodi lina njia yake: notisi kwa maandishi, mazungumzo, na yakishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpangaji aliyefungiwa vitu vyake ndani ndiye atakayekuwa mlalamikaji, na wewe ulidhani mlalamikaji ni wewe.

Kamanda_Goba

Hayo ya baraza yanachukua muda mrefu mno, na wapangaji wanalijua hilo. Sijashawishika, lakini nimekusikia.

Binti_Mbagala

Naomba niingize langu, kwa sababu mnalozungumza ndilo lililonipata. Kodi yangu ya miezi mitatu nilimpa msimamizi mkononi kama nilivyokuwa nikifanya tangu nahamia, akaandika kwenye daftari langu na kutia sahihi. Baadaye mwenye nyumba akaja kudai, akasema yule alikuwa ameshaondolewa wiki mbili kabla. Hakukuwa na barua wala tangazo, na mtu mwenyewe alikuwa bado analala chumba kile kile cha getini. Nimeambiwa nilipe tena au nihame. Je, nina haki hapa?

MzeeWaShauri

Pole sana, mwanangu. Mambo matatu yanakusaidia: daftari lenye sahihi yake, kodi za nyuma ambazo mwenye nyumba alizipokea kupitia mkono ule ule bila kulalamika, na kwamba hukupewa taarifa. Tafuta mpangaji mwenzako aliyekuwa akilipa kwa njia hiyo hiyo akubali kusema hivyo. Andika barua kwa mwenye nyumba ukieleza hayo, baki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa, na uipeleke pia ofisi ya serikali ya mtaa wajaribu kuwakutanisha. Kama mkataba wako wa upangaji unasema kodi ilipwe benki peke yake, basi hoja yako inapungua nguvu, na sitaki nikupe matumaini kabla ya kujua umeandikwaje.

Binti_Mbagala

Mkataba unataja kiasi na muda tu, haujasema kodi inalipwaje. Nashukuru, nitaanza na barua.

Natafuta_Chumba

Samahani, nauliza kuhusu huyo msimamizi mpya wa Tabata. Je, mtu akitaka chumba kwake analipa udalali wa mwezi mmoja kama kawaida, au yeye anachukua pungufu?

MwenyeNyumba_Tabata

Ndugu yangu, huyu si dalali na kwa sasa hakuna chumba kilicho wazi. Hata hivyo swali lako limenipa sentensi ya kuongeza. Barua itasema kwamba msimamizi anaweza kumfungulia mtu chumba kitupu akione, lakini hapokei udalali, hapokei pesa ya kushikilia chumba, na mkataba nautia sahihi mimi peke yangu.

Kuhusu kodi nimeamua ilipwe kwenye akaunti ya benki ile ile iliyo kwenye mikataba, na msimamizi asipokee fedha taslimu ya aina yoyote. Swali linalobaki ni pesa ya maji, kwa sababu bili ya DAWASA inakuja moja kwa nyumba nzima.

Aliyekuwa_Msimamizi

Nimefanya kazi hiyo Sinza kwa muda mrefu, na ningependa kusema upande wa yule anayetambulishwa. Kwenye barua yako maji yamepewa maneno machache, lakini maji ndiyo nusu ya kazi yake na ndiyo chanzo cha ugomvi karibu wote.

Mtaani maji yanakuja kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane. Msimamizi anaamka, anafungua koki ya kuingizia tangi la chini, anasubiri lijae, kisha anawasha pampu kupandisha juu. Akiwasha pampu tangi la chini likiwa limeisha, pampu inazunguka pakavu na inaungua, na hiyo ni gharama ambayo mwenye nyumba hataisahau. Kwa hiyo wapangaji waelezwe kwamba swichi ya pampu inaguswa na msimamizi peke yake. Kila nyumba ina mpangaji mmoja anayejua kuiwasha, na mara nyingi ndiye anayeiunguza.

Halafu kuna mita. Chukua mfano wa nyumba yako ya watu kumi. Tuseme mita kubwa ya DAWASA imesoma uniti 96 kwa mwezi, na mita ndogo kumi ukizijumlisha unapata 83. Uniti 13 zimekwenda wapi? Kila uniti ni lita 1,000, kwa hiyo tunazungumzia lita 13,000. Kiasi kidogo ni maji ya kufagilia na ya chumba cha msimamizi mwenyewe, lakini hayafiki hapo. Msimamizi asiyejua kazi atagawanya zile 13 kwa watu kumi na kutangaza bili mpya, na hapo ndipo anaanza kuitwa mwizi. Anayejua kazi atapanda juu kwanza kutazama boya la tangi, kwa sababu boya likikwama maji yanamwagika darini wakati wa kupandisha bila mtu kuona. Boya likiwa zima, atachagua usiku ambao maji ya mtaani yapo, ajaze matangi yote, aombe koki zote zifungwe, kisha aitazame mita kubwa. Ikiendelea kuzunguka wakati hakuna anayetumia maji na matangi yamejaa, kuna uvujaji kati ya mita na nyumba, au boya la tangi la chini halifungi.

Kwa hiyo andika kwamba usomaji wa tarehe 25 unafanyika mchana, mpangaji au mtu wake akiwepo, na kila mita inapigwa picha. Andika pia kwamba tofauti kati ya mita kubwa na mita ndogo haitagawanywa kwa wapangaji kabla chanzo chake hakijatafutwa. Sentensi hiyo moja itamlinda kijana wako kuliko sifa zote utakazompa.

Na jingine: mpe saa za kazi. Umeandika namba ya simu bila muda. Mimi nilipigiwa saa 8 usiku kuulizwa kama gari la taka litakuja kesho. Msimamizi analala pale pale, na watu wanadhani kulala pale maana yake hana usiku. Tenganisha yanayoweza kusubiri na yasiyosubiri.

MwenyeNyumba_Tabata

Ahsante sana, hili la tofauti ya mita lilikuwa linanisumbua tangu mwaka jana. Nikiweka simu za kawaida saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, utaona inafaa? Na dharura ni zipi hasa? Nikisema "dharura" bila kuzitaja, kila mtu atakuwa na yake.

Aliyekuwa_Msimamizi

Saa hizo zinafaa. Dharura zitaje kwa majina: bomba lililopasuka, cheche au harufu ya waya kuungua, moto, mtu anayejaribu kuingia, na shimo la choo linalofurika kurudi ndani. Umeme wa LUKU kuisha kwenye mita ya mpangaji si dharura ya msimamizi. Nyumba ikiwaka moto, mpangaji apige 114 kwanza ndipo amwite msimamizi, kwa sababu nimeona watu wakimtafuta msimamizi huku moshi ukizidi. Polisi ni 112. Namba hizo ziandikwe chini ya namba yake, kwenye karatasi ile ile ya ngazini.

Usisahau kuandika nani apigiwe msimamizi asipopokea. Anaumwa, anakwenda msibani, simu inazima chaji. Kama jibu ni wewe, sema ni wewe.

Mkazi_wa_Juu

Mimi ni mwanamke ninayeishi peke yangu kwenye nyumba ya kupanga, na barua kama hii ikinifikia nitatafuta jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa: funguo. Msimamizi wa zamani alikuwa na funguo za akiba za vyumba? Kama alikuwa nazo, zimerudi zote? Na huyu mpya atapewa? Kwangu msimamizi aliwahi kuingia na fundi nikiwa kazini, kwa nia njema kabisa ya kurekebisha bomba, lakini niliporudi na kukuta nyayo sebuleni sikulala vizuri kwa muda mrefu. Naomba iandikwe kwamba haingii kwa mpangaji bila kukubaliana siku na saa, na kwamba fundi haachwi peke yake ndani.

Aliyekuwa_Msimamizi

Dada, nakubaliana nawe juu ya kuingia. Juu ya funguo nina wasiwasi. Bomba likipasuka ghorofani na mpangaji yuko safarini, bila ufunguo tunavunja mlango huku maji yakishuka kwa jirani wa chini.

Mkazi_wa_Juu

Maji ya ghorofani yafungwe kwenye koki ya nje ya mlango, kama ipo. Kama haipo, mwenye nyumba aiweke. Ufunguo wangu ninao mimi na dada yangu, na namba ya dada yangu nitampa msimamizi.

MzeeWaShauri

Kwa maoni yangu kila mpangaji achague mwenyewe. Anayetaka kuacha ufunguo auache kwa mwenye nyumba ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu ya gamu. Asiyetaka atoe namba ya mtu wa karibu. Funguo za zamani ambazo hazikurudi zinamaanisha vitasa vibadilishwe, na gharama ni ya mwenye nyumba.

Kamanda_Goba

Vitasa kumi kwa mkupuo? Huyo mwenye nyumba atakoma. Mimi ningebadilisha cha geti tu.

MwenyeNyumba_Tabata

Nimehesabu funguo jana jioni na aliyetoka kabla hajaondoka. Za geti, za stoo ya pampu na za vyumba nane zimerudi. Vyumba viwili hazipo, na yeye anasema hakuwahi kupewa. Namwamini, lakini vitasa hivyo viwili nabadilisha wiki hii, na cha geti pia. Tumesoma pamoja mita zote kumi na ile kubwa, nikapiga picha, ili mpya asibebeshwe uniti za mwezi ambao hakuwepo. Kesho asubuhi nampeleka ofisi ya serikali ya mtaa akiwa na barua ya utambulisho kutoka mtaa anakotoka, wamwandikishe kama mkazi.

Barua nimeiandika upya, na itasomwa uani Jumapili kabla ya kugawiwa:

"Kwa wapangaji wote. Msimamizi wetu aliyekuwepo anamaliza kazi tarehe 31 Agosti. Namshukuru, na tumeachana kwa wema. Kuanzia tarehe 1 Septemba hataruhusiwa kupokea fedha, funguo au taarifa kwa niaba yangu.

Kuanzia tarehe hiyo msimamizi ni Bwana aliyesimama nami leo, ambaye ataishi chumba cha getini. Atafagia ngazi na ua, atatoa taka, atafunga geti saa 5 usiku, na ataendesha pampu, ambayo naomba mtu mwingine asiiguse. Tarehe 25 kila mwezi, mchana, atasoma mita za maji mbele yenu na kuzipiga picha. Mita kubwa ikizidi jumla ya mita ndogo, tutatafuta chanzo kabla ya kumdai mtu yeyote. Bili ya maji nitaigawa mimi kwa kufuata picha hizo, na kila mmoja atalipa sehemu yake kwenye akaunti ile ile ya kodi. Matengenezo madogo ya sehemu za pamoja atayafanya bila kunisubiri, na makubwa ataniandikia siku hiyo hiyo.

Hapokei kodi, pesa ya maji, udalali wala fedha nyingine yoyote. Akaunti ya kodi ni ile iliyo kwenye mikataba yenu na haijabadilika. Ikibadilika nitakuja mwenyewe na barua yenye sahihi yangu; ujumbe wowote wa simu unaosema vinginevyo, hata ukitaja jina langu, si wangu. Haongezi kodi, hatoi notisi ya kuhama, na haingii ndani kwa mpangaji bila kukubaliana naye siku na saa.

Mpigieni kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Bomba likipasuka, umeme ukitoa cheche, choo kikifurika au mtu akijaribu kuingia, mpigieni saa yoyote. Moto ni 114 kwanza, polisi ni 112. Asipopokea mara mbili, nipigieni mimi kwa namba yangu ile ile."

Mpangaji_Kimara

Hii ningeipokea na kutia sahihi. Ongeza tu mstari wa malalamiko: mpangaji mwenye shida na msimamizi mwenyewe amweleze nani? Kwa ilivyo sasa, taarifa zote zinapitia kwake.

MwenyeNyumba_Tabata

Ni kweli. Nimeongeza kwamba malalamiko juu ya msimamizi yanakuja kwangu moja kwa moja, na sitamtajia aliyelalamika bila ridhaa yake. Kuhusu funguo za akiba sijaandika kitu bado. Nitawauliza wapangaji wenyewe Jumapili, nyumba kwa nyumba.